Kulinganisha Masimulizi ya Uumbaji Katika Zoezi la Madondoo: Mwanzo, Qurani na Gikuyu

Mpwa wangu anasomea stashahada ya ualimu kwa masafa, na mojawapo ya masomo yake ni dini linganishi. Juzi, baada ya sala ya alasiri, alinikuta barazani hapa Langoni, Lamu, akanipa karatasi ya zoezi lililosahihishwa. "Mjomba, haya yote nayajua tangu nikiwa chuoni kwa maalimu," akaniambia, "mbona nimepewa kumi na moja kati ya thelathini na tano?"

Nikasoma majibu yake. Ni kweli aliyajua yote, na kujua huko ndiko kulikomponza. Aliulizwa kuhusu madondoo matatu yaliyo mezani, naye akajibu kwa yale aliyonayo kichwani. Tukakaa tukalifanya upya hadi magharibi ikaadhiniwa. Ninaandika hapa namna tulivyokwenda, maana zoezi la aina hii huwaponza wengi.

Zoezi lenyewe

Dondoo A lilikuwa Mwanzo 2:4–23. Humo Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, anampulizia pumzi ya uhai, anamweka katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza", anamkataza mti mmoja, anamletea wanyama awape majina, kisha anamfanya mwanamke kutokana na ubavu wake.

Dondoo B lilikuwa Sura ya Al-Baqara, aya 30 hadi 33. Mwenyezi Mungu anawaambia malaika kuwa ataweka khalifa katika ardhi. Malaika wanauliza iwapo ataweka humo mwenye kufanya uharibifu na kumwaga damu. Wanajibiwa kuwa Mungu anajua wasiyoyajua. Kisha Adamu anafundishwa majina ya vitu vyote, na malaika wanakiri kwamba hawana ujuzi ila ule waliofunzwa.

Dondoo C lilikuwa simulizi la Gikuyu na Mumbi kama lilivyoandikwa na Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938, likiwa limefasiriwa kwa Kiswahili. Wakati binadamu walipoanza kuenea duniani, Mungu, aitwaye Mogai, anamwita Gikuyu, anampa nchi yenye mito, misitu na wanyama iwe fungu lake, na kumpandisha juu ya mlima Kirinyaga aione. Anamwonyesha mahali penye mikuyu mingi akajenge. Gikuyu anapofika anamkuta mke aliyeandaliwa na Mogai, anamwita Mumbi, na wanazaa mabinti tisa.

Maswali yalikuwa manne. (a) Kwa mujibu wa Dondoo A, eleza jinsi mtu alivyofanywa: alama 3. (b) Linganisha na ulinganue nafasi ya binadamu katika ardhi kwa kutumia madondoo yote matatu: alama 10. (c) Tathmini manufaa na mipaka ya Dondoo C kwa mtafiti wa imani ya Wagikuyu: alama 7. (d) Kwa kutumia madondoo na ujuzi wako, jadili usemi kuwa masimulizi yote ya uumbaji husema jambo moja: alama 15. Jumla ya maneno isizidi 1,400.

Hatua ya kwanza: gawa maneno, kisha pigia mstari amri

Alama 35 kwa maneno 1,400 ni maneno 40 kwa kila alama. Basi (a) inastahili maneno kama 120, (b) 400, (c) 280 na (d) 600. Mpwa wangu alikuwa ameandika karibu maneno 500 kwenye (a), kwa kuwa ndilo swali alilolipenda. Swali la alama tatu halitoi alama ya nne hata ukiandika msahafu.

Kisha tazama vitenzi na mipaka ya kila swali. "Kwa mujibu wa Dondoo A" ni ukuta: cha nje hakiingii. "Linganisha na ulinganue" yanataka kufanana na kutofautiana pamoja, ndani ya madondoo. "Kwa kutumia madondoo na ujuzi wako" ndipo mlango unapofunguliwa. Swali la (d) peke yake ndilo lililoomba ujuzi wa nje katika zoezi hili, na ndilo alilolifikia akiwa amechoka, akaandika mistari minane.

Hatua ya pili: karatasi yenye safu mbili

Hapa ndipo nilipomkalisha muda mrefu zaidi. Chukua karatasi moja kwa kila dondoo, ikunje katikati. Upande wa kushoto andika "Limesemwa", na kulia "Nalijua". Soma dondoo polepole. Kila unachotaka kukisema kitafutie mstari wake. Ukiuona, kiandike kushoto pamoja na namba ya aya. Usipouona, hata kama ni kweli tupu, kipeleke kulia.

Mtoto wa madrasa atashangaa jinsi upande wa kulia wa Dondoo B unavyojaa. Mpwa wangu aliandika kwamba katika A na B mtu ameumbwa kwa udongo. Ni kweli Qurani inasema hivyo, kwa mfano katika Sura 15:26, lakini aya 30 hadi 33 za Al-Baqara hazitaji udongo hata mara moja. Aliandika pia kwamba Adamu na Hawa waliumbwa kuwa makhalifa. Hawa hayumo katika dondoo. Zaidi ya hayo, jina Hawa halimo katika Qurani nzima: Qurani humtaja kuwa mwenzi au mke wa Adamu, na jina linatujia kupitia Hadithi. Wala Iblisi hayumo humo, kwa kuwa kisa cha kukataa kusujudu kinaanza aya ya 34, na dondoo limekatwa kwenye 33. Mtunga swali alipochagua pa kukatia hakukosea.

Wanaosoma Biblia wana yao pia. Tufaha halimo kokote katika Mwanzo. Mti uliokatazwa ni wa ujuzi wa mema na mabaya, na tunda lake halikutajwa ni la aina gani. Siku sita hazimo katika Dondoo A, zimo katika sura ya kwanza. Jina Hawa nalo linatolewa katika 3:20, baada ya dondoo kwisha. Na anayesoma A akiwa na sura ya kwanza kichwani hatauona mpangilio wake: katika sura ya kwanza wanyama hutangulia na binadamu hufuata, wanaume na wanawake kwa pamoja, katika ya pili mtu hutangulia, kisha miti ya bustani, kisha wanyama, mwisho mwanamke. Hata jina hubadilika. Sura ya kwanza husema "Mungu", na kuanzia 2:4 Biblia ya Kiswahili huandika "BWANA Mungu", kwa herufi kubwa. Wataalamu wengi wa Biblia huona hapo dalili ya masimulizi mawili yaliyounganishwa.

Dondoo C ndilo lililotupa funzo kubwa, kwa sababu tulidhani halina mtego. Mpwa wangu aliandika: "Katika madondoo yote matatu, Mungu anamuumba mtu wa kwanza." Nikamwambia anionyeshe mstari. Akausoma mara mbili, akanyamaza. Dondoo linasema Gikuyu aliitwa wakati binadamu walipokuwa wameanza kuenea. Halisemi kafanywa kwa kitu gani, wala kwamba hakukuwa na mtu kabla yake. Linaeleza jinsi taifa moja lilivyopata fungu lake la nchi. Hoja hiyo moja, ukiiona mapema, itakusaidia katika (b), (c) na (d).

Hatua ya tatu: tafuta maswali ambayo kila dondoo linaweza kuyajibu

Kosa la kawaida la kulinganisha ni kusimulia A, kisha B, kisha C, na kumalizia kwa sentensi moja kwamba "yanafanana na kutofautiana". Huko ni kusimulia mara tatu. Kinachofanya ulinganisho uwe ulinganisho ni kigezo: swali dogo unaloliuliza kila dondoo kwa zamu. Kwa alama 10, vigezo vitatu vinatosha. Vinne vitakufanya ukimbie.

Kigezo kizuri hujulikana kwa jambo moja: majibu yake yanatoka upande wa kushoto wa karatasi zote tatu. "Mtu amefanywa kwa kitu gani?" ni kigezo kibovu hapa, kwa kuwa A peke yake ndilo linalojibu. Sisi tulichagua hivi: binadamu anapewa nini? Nani anatoa majina, na kwa uwezo gani? Uhusiano wa binadamu na Mungu unawekewa masharti au mashaka gani?

Kigezo cha majina ndicho nilichokipenda. Ukisoma haraka utasema "katika A na B Adamu anataja majina", na utaliita jambo hilo kufanana. Soma tena. Katika A, Mungu anawaleta wanyama kwa mtu ili aone atawaitaje, na jina lolote alilolitoa mtu ndilo likawa jina. Mtu ndiye chanzo cha jina. Katika B, Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina, na Adamu anawaeleza malaika alichofunzwa. Chanzo cha jina ni Mungu, na cheo cha Adamu mbele ya malaika kinatokana na elimu aliyopewa. Katika C, Gikuyu anampa mkewe jina Mumbi. Kwa hiyo yote matatu yanahusisha binadamu na majina, ila kila moja linaweka mamlaka mahali pengine. Msahihishaji akiona umetoka kwenye kufanana kwa juu ukafika kwenye tofauti ya ndani, alama zinapatikana.

Hatua ya nne: aya moja, kigezo kimoja, madondoo matatu

Hii ndiyo aya ya kwanza aliyokuwa ameandika mpwa wangu kwa swali (b):

"Katika Dondoo A Mungu alimuumba Adamu kwa udongo akamweka Edeni. Hadithi hii inafanana na ya Kiislamu kwa sababu Adamu na Hawa waliishi peponi mpaka wakala tunda. Wagikuyu nao wana hadithi yao."

Na hii ndiyo aliyoandika baada ya saa mbili:

"Madondoo yote matatu yanampa binadamu mahali katika ardhi, lakini kwa hadhi tofauti. Katika A mtu anawekwa katika bustani 'ailime na kuitunza' (2:15), yaani anapewa kazi mahali ambapo si pake. Katika B anawekwa awe khalifa (2:30), cheo kinachohusu ardhi nzima, na malaika wanakitilia shaka kwa kuhofia umwagaji wa damu. Katika C nchi inatolewa kuwa fungu la Gikuyu, tena nchi maalumu yenye mito na misitu yake. Hivyo A na B zinazungumzia binadamu kwa jumla, ilhali C inazungumzia haki ya watu mahususi juu ya nchi yao."

Namna rahisi ya kujipima ni kupigia mstari herufi A, B na C ndani ya kila aya. Aya yenye herufi moja tu inasimulia. Aya yenye zote tatu bila maneno kama "ilhali", "vilevile" au "kinyume na" inaorodhesha. Na kila herufi inapaswa kufuatana na namba ya aya au maneno machache yaliyonukuliwa, si zaidi ya sita au saba. Kunakili mistari minne ya Qurani au Biblia hakukupi alama. Kunakula maneno yako 400.

Neno "hadithi" katika aya ile ya kwanza lilimgharimu pia. Kwetu pwani neno hilo lina maana mbili, kisa na maneno ya Mtume, na katika zoezi la dini yakichanganyika msomaji hajui unasema lipi. Tena ni rahisi kuteleza ukaita A "maandiko", B "aya" na C "ngano", ukawa umeshatoa hukumu kabla ya kulinganisha. Tumia "simulizi" kwa yote matatu, na "Hadithi" kwa herufi kubwa unapomaanisha za Mtume tu. "Kisasili" ni istilahi halali katika fasihi simulizi, lakini ukiitumia kwa C, jiulize kama ungethubutu kuitumia kwa B.

Hatua ya tano: swali la manufaa na mipaka

Swali (c) halikuulizi kama simulizi la Gikuyu ni kweli. Linauliza linamfaa mtafiti kwa kiasi gani. Jibu huanzia kwa mwandishi, wakati na kusudi.

Kenyatta alikuwa Mgikuyu, na kitabu kilitokana na masomo yake ya anthropolojia mjini London chini ya Bronisław Malinowski. Hayo ni manufaa: anasema kutoka ndani, akiwa amefunzwa namna ya kuandika mila. Lakini alikuwa pia mtetezi wa ardhi ya Wagikuyu, na alitumwa London mwaka 1929 na Kikuyu Central Association kupeleka madai ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Ukikumbuka hilo, maneno "fungu lake" yanasomeka kwa uzito mwingine. Usiishie kusema "ana upendeleo", kwani sentensi hiyo peke yake haina alama. Sema upendeleo unaonekana wapi: simulizi linatanguliza nchi aliyopewa Gikuyu na Mungu, na kwa msomaji wa Uingereza wa 1938 hayo ni madai. Kisha geuza shilingi: kwa mtafiti anayetaka kujua jinsi imani na ardhi zilivyofungamana, upendeleo huo wenyewe ni ushahidi.

Mipaka mingine ni ya kawaida. Ni simulizi la mdomo lililokamatwa katika andiko moja, na wako wanaosimulia kwamba Ngai, jina jingine la Mungu kwa Wagikuyu, aliwaumba Gikuyu na Mumbi wote wawili. Lilichapishwa kwa Kiingereza, nawe unalisoma katika tafsiri.

Tafsiri ina jambo lake, na hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati. Mumbi ni wa shina moja na "umba" letu, lile la kuumba vyungu. Maana yake ni mfinyanzi. Mogai ni mwenye kugawa, nalo linakaribiana na "gawa". Msomaji wa Kiingereza hawezi kulisikia hilo. Lakini bahati hiyo inaweza kupoteza. "Kuumba" kwetu kunameza mambo ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Katika Kiebrania, Mwanzo 1:1 ina kitenzi "bara", ambacho Biblia humtumia Mungu peke yake, na 2:7 ina kitenzi cha mfinyanzi, "yatsar", ambacho Biblia ya Kiswahili imekifasiri "akamfanya". Kwa hiyo usijenge hoja nzima juu ya neno la Kiswahili kabla ya kuuliza lilifasiri nini.

Mabinti nao wana faida katika swali hili. Koo za Wagikuyu huitwa kwa majina yao, na huhesabiwa "kenda muiyuru", tisa kamili, zikiwa kwa kweli kumi, kwa kuwa kuhesabu watoto wazi kulikuwa mwiko. Sisi tunaoishi na Mijikenda hatuhitaji kufasiriwa kenda. Hoja ya kuandika ni kwamba simulizi linaeleza mfumo wa koo uliokuwa hai, na mtafiti anaweza kulipima kwa mfumo huo.

Hatua ya sita: swali la mwisho, ambapo ujuzi unaruhusiwa

Sasa fungua upande wa kulia wa karatasi. Udongo, siku sita, Hawa, Iblisi, vyote vina ruhusa, mradi kila kimoja kijibu usemi uliotolewa. Usemi ni kwamba masimulizi yote husema jambo moja. Tulichagua mfano mmoja tukauchimba, badala ya kumwaga kumi.

Mfano huo ni siku ya saba. Mwanzo 2:2 inasema Mungu "akastarehe siku ya saba". Sura 50:38 inasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na uchovu haukumgusa Mwenyezi Mungu. Wanafunzi wengi huandika kwamba katika Biblia Mungu alichoka, na Qurani inakanusha. Hilo si sahihi. Biblia haikusema alichoka. Neno la Kiebrania la 2:2 linamaanisha kuacha kazi, na Isaya 40:28 inasema wazi kuwa Mungu hachoki. Tofauti iliyopo ni kwamba Mwanzo inaifanya siku ya saba kuwa takatifu, na Qurani haiweki pumziko hilo. Kufanana kupo katika siku sita na katika Mungu asiyechoka.

Ukizigusa siku sita, jihadhari na Sura 41:9–12. Inataja ardhi siku mbili, riziki zake siku nne, mbingu siku mbili. Mpwa wangu alijumlisha akapata nane na kuandika kwamba Qurani inapingana. Wafasiri wa Kiislamu kwa kawaida huzihesabu zile nne zikiwa zimejumuisha mbili za kwanza, hivyo jumla ni sita. Ukitaka kutaja ugumu huo, utaje pamoja na jibu la wafasiri, maana kuutaja nusu ni kumsingizia msomaji wa Qurani asiyekuwepo kujitetea.

Alitaka pia kuingiza Shungwaya, kwa kuwa amekua na marafiki wa Kigiriama kule Malindi. Nikamwambia inaingia, lakini mahali pake. Shungwaya ni simulizi la Wamijikenda, Wagiriama wakiwamo, la kuhama: watu walitoka kaskazini wakashuka mpaka kwenye makaya yao. Halielezi uumbaji wa ulimwengu. Liweke kando ya C, si kando ya A, na utapata hoja yako ya mwisho bila taabu: A na B zinauliza binadamu ni nani mbele ya Mungu, Shungwaya linauliza watu hawa walifikaje hapa, na C limesimama katikati, likiwa na Mungu wa A na B na swali la Shungwaya.

Aliandika aya hiyo mwenyewe, akahesabu maneno ya jibu zima la (d), akakuta 640. Tukafuta sentensi mbili alizozipenda sana kuhusu nuru, akakunja karatasi akawahi sala.